Shimo liko Julai, si Aprili: kupima mkopo wa msimu wa nyumba ya wageni

*"Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba 8 Jambiani. Masika hatupati watu, na Mei na Juni ndiyo miezi tunayofanya matengenezo. Benki wametuuliza tunataka mkopo kiasi gani wa kuendeshea biashara. Nimepiga hesabu hivi: matumizi yetu kwa wastani ni milioni 11 kwa mwezi, msimu mbovu miezi 3, basi milioni 33. Mume wangu anasema tuombe hata 40, zisije zikapelea. Nusu ya wageni huja wenyewe na kulipa hapa hapa, nusu huletwa na mawakala ambao hutulipa baada ya miezi miwili. Daftari la mwaka mzima nimelituma. Hesabu yangu iko sawa?"*

Waaleikum salaam. Hapana, haiko sawa, na tofauti yake ni kubwa. Kwa daftari ulilonitumia, mnachohitaji ni kama milioni 18, na hata hizo hamtazihitaji mwaka mzima.

Ukizidisha wastani wa matumizi kwa miezi mitatu, umechukulia kwamba katika miezi hiyo haiingii hata shilingi na kwamba mnaianza mkiwa hamna kitu. Kwenu si hivyo. Mwezi wa Aprili vyumba vitupu, lakini akaunti inapokea fedha za wageni wa Februari waliokwisha kurudi kwao. Na Julai, vyumba vimejaa na pwani nzima imepambwa kwa matanga ya kaiti, nusu ya mauzo yenu bado iko mikononi mwa mawakala. Kwa hiyo wageni wana majira yao na fedha zina majira yake, na benki inakopesha kwa majira ya fedha.

Kipimo chenyewe ni hiki: unafuata salio la fedha mwezi hadi mwezi, kila mwezi ukiurithisha unaofuata, mpaka mwaka uishe. Pale salio linapoteremka chini kabisa ndipo penye mahitaji yenu ya mkopo. Si upungufu wa mwezi mmoja mbaya, wala si jumla ya matumizi. Ni mrundikano wa upungufu ukiwa umefika kina chake.

Nimeanza na tarehe 1 Machi, msimu wa kaskazi unapofunga. Ukianzia Januari, kama walivyozoea wengi kwa sababu ya kalenda, utakuta fedha za msimu mmoja zimekatwa vipande viwili na hutaona vizuri mteremko unaanzia wapi. Anza pale shughuli inapotua, umalize mwaka mmoja kamili.

Kisha nimehamisha kila kiasi kwenda kwenye mwezi ambao fedha inagusa akaunti. Januari mliuza malazi ya milioni 18. Milioni 9 zililipwa hapo hapo, na milioni 9 za mawakala zikaingia Machi. Nimefanya hivyo kwa kila mwezi. Daftari lako linaandika mauzo baada ya kutoa kamisheni na kodi anazolipa mgeni, na umefanya vyema. Kodi mnayomkusanyia Mamlaka ya Mapato ikikaa ndani ya salio hulifanya lionekane nene, halafu mwezi unaofuata inaondoka. Aidha iandikwe kuingia na kutoka katika miezi yake halisi, au isiandikwe kabisa.

Upande wa kutoka, kila mwezi kuna milioni 7 zisizojali kama wageni wapo au hawapo: mishahara milioni 4, na zilizobaki ni michango ya ZSSF, mlinzi, intaneti, madeni madogo na matumizi yenu ya nyumbani. Hayo ya nyumbani wengi huyaacha, halafu wanashangaa hesabu haikubaliani na akaunti. Juu yake kuna chakula, umeme wa Tukuza, dobi na vifaa vya vyumba, ambavyo kwenu ni kama robo ya mauzo ya mwezi. Matengenezo ni milioni 6 Mei, makuti na rangi, na milioni 5 Juni, magodoro, vyandarua na pampu ya maji. Leseni na ada za mwaka ni milioni 2 Januari.

Salio la kuanzia, tarehe 1 Machi, ni milioni 1.5. Namba zote ni milioni za shilingi.

| Mwezi | Zinazoingia | Zinazotoka | Salio mwisho wa mwezi |
|---|---|---|---|
| Machi | 13 | 9 | 5.5 |
| Aprili | 9 | 7.5 | 7 |
| Mei | 5 | 13.5 | -1.5 |
| Juni | 5 | 14 | -10.5 |
| Julai | 10 | 11.5 | -12 |
| Agosti | 14 | 12 | -10 |
| Septemba | 16 | 10.5 | -4.5 |
| Oktoba | 16 | 10 | 1.5 |
| Novemba | 10 | 8.5 | 3 |
| Disemba | 14 | 11 | 6 |
| Januari | 12 | 13.5 | 4.5 |
| Februari | 16 | 11 | 9.5 |

Ukitaka kuiweka kwenye Excel, mwezi uwe safu A, zinazoingia B, zinazotoka C na salio D. Salio la kuanzia liandike D2, Machi iwe mstari wa 3, kisha:

```
D3:  =D2+B3-C3      (ivute mpaka D14)
D16: =MIN(D3:D14)
```

Angalia Aprili kwanza. Huo na Mei ndiyo miezi mliyo na wageni wachache kuliko yote, lakini Aprili inafunga na salio kubwa kuliko lile la Machi. Hapo ndipo watu hudanganyika: akaunti ina milioni 7, masika iko kati, wanaona wamevuka salama. Wanaagiza makuti na magodoro kwa pupa, na kumbe fedha ya Februari ndiyo ya mwisho iliyokuwa na uzito. Mei inaleta milioni 4 za Machi, Juni inaleta milioni 1 ya Aprili, Julai milioni 1 ya Mei. Masika inaingia vyumbani Aprili lakini inafika benki Juni na Julai.

Shimo lenyewe liko mwisho wa Julai, milioni 12. Kuanzia Agosti mnapanda, na Oktoba mmetoka. Hiyo 12 ndiyo namba ya msingi, lakini si ya kupeleka benki bado, kwa sababu ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza: jedwali la miezi linaona mwisho wa mwezi tu. Kinachotokea katikati hakionekani. Mnalipa mishahara mwanzoni mwa mwezi unaofuata, na mawakala wenu, kwa tarehe zilizomo daftarini, hulipa baada ya tarehe 20. Chukua Agosti. Mnaingia mkiwa chini milioni 12. Mpaka tarehe 10 mmelipa mishahara milioni 4 na bidhaa za wiki ya kwanza kama milioni 2, na wageni wanaolipa wenyewe wameacha milioni 3.5. Mko chini milioni 14.5, mwezi ambao jedwali linasema mambo yameanza kutengemaa. Ndiyo maana miezi mitatu yenye salio baya kuliko yote, kwenu Juni, Julai na Agosti, inafaa kupigiwa hesabu upya kwa siku kumi kumi. Miezi mingine haina haja, mtajichosha bure.

Kasoro ya pili: mawakala kulipa miezi miwili ni ahadi, na ahadi za Agosti zina tabia ya kutimizwa Septemba. Nimelijaribu jedwali kwa kuchelewesha malipo yao yote mwezi mmoja, kuanzia yale ya wageni wa Machi. Nilitarajia shimo lichimbike sana, lakini haliendi chini hivyo. Mwisho wa Julai mko chini milioni 13, mwisho wa Agosti milioni 14. Sababu ni kwamba kinachochelewa Mei na Juni ni fedha za miezi dhaifu, ni kidogo tangu mwanzo. Kinachobadilika ni muda. Kwenye hesabu ya kawaida mnatoka Oktoba. Kwenye hii, mwisho wa Septemba bado mko chini milioni 13.5, Oktoba 8.5, Novemba 4, na Disemba ndiyo mnagusa sifuri. Kwa lugha ya benki, kuchelewa kwa mawakala kunagusa kiasi cha mkopo kidogo na tarehe ya kuumaliza sana. Mtu aliyeahidi kurejesha yote Oktoba angeonekana msumbufu, ilhali biashara yake haina ubaya wowote.

Sasa kasoro hizo zikikutana: tarehe 10 Septemba, mawakala wamechelewa, mishahara milioni 4 na bidhaa milioni 1.5 zimetoka, wageni wa kulipa hapa wameleta 2.5. Mko chini milioni 17. Ongeza gharama ya mkopo wenyewe. Tuseme, kwa mfano, ada ya kuanzisha ni asilimia 2 na riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa kiasi kilichotumika. Ada inakuwa kama laki 3 na nusu, na riba ya kubeba wastani wa milioni 10 kwa miezi mitano ni laki 7 na nusu, jumla milioni 1 na kitu. Weka viwango halisi mtakavyoandikiwa. Tunafika milioni 18.

Hapa sijaongeza "asilimia 20 ya tahadhari" kama wanavyofanya wengi. Tahadhari iliyotokana na jambo mnaloweza kulitaja, yaani wakala kuchelewa mwezi mmoja, mnaweza kuitetea mbele ya afisa mikopo. Asilimia ya kubandika hamwezi. Na kwa heshima zote kwa shemeji yangu, milioni 40 zingekuwa na shida mbili: riba inalipwa hata kwa fedha iliyolala, na fedha iliyolala Mei haikosi kupata kazi. Itajenga chumba cha tisa. Chumba cha tisa hakirudishi fedha yake kufikia Disemba, kwa hiyo mkopo wa msimu unakuwa umegeuka mkopo wa ujenzi wenye marejesho ya haraka.

Kuliko kiasi, jambo ninalowaomba mlishughulikie kwa makini zaidi ni umbo la marejesho. Mkopo wa kawaida wa biashara ndogo hurejeshwa kwa mafungu sawa kila mwezi, kuanzia mwezi unaofuata. Milioni 18 kwa miezi 12 ni milioni 1.5 kwa mwezi, bila riba. Mkiuchukua Mei, fungu la Juni na la Julai, milioni 3, zinatoka kabla hamjafika chini ya shimo. Mmekopa 18 lakini mnafika Julai na 15, na fungu la Agosti linazipunguza hadi 13.5. Watu wakiona hivyo huongeza kiasi cha mkopo, mafungu nayo yanakua, na shimo linazidi kuchimbwa na mkopo uliokuja kulifukia.

Linalowafaa zaidi ni ovadrafti: benki inawawekea ukomo wa milioni 18, mnachota kadiri inavyohitajika, fedha ikiingia deni linapungua lenyewe, na riba inahesabiwa kwa kilichochotwa. Kwenye jedwali la kawaida Mei mngekuwa mmetumia milioni 1.5 tu. Ubaya wake ni kwamba si kila tawi linampa mteja mdogo, dhamana huangaliwa sana, na baadhi ya benki hutoza ada kwa ukomo usiotumika. Ulizeni.

Wakikataa, ombeni mkopo wa muda maalumu wenye kipindi cha kusubiri: mlipe riba peke yake mpaka Septemba, na mtaji urejeshwe kwa mafungu Oktoba, Novemba na Disemba. Miezi hiyo sikuichagua kwa kupenda. Hata mawakala wakichelewa, salio linapanda kwa milioni 5, 4.5 na 4 katika miezi hiyo mitatu, na sehemu ya mkopo mtakayokuwa hamjaitumia inajazia. Mkibanwa muanze Agosti, onyesheni jedwali. Afisa mikopo hulielewa upesi kuliko maneno.

Hukuuliza habari ya riba, lakini Zanzibar hilo si jambo la kuruka. PBZ wana huduma ya Kiislamu ya Ikhlas, CRDB wana Al Barakah. Murabaha inakwenda vizuri na sehemu moja ya shimo lenu: benki inanunua magodoro, pampu, rangi na makuti, inawauzia kwa bei yenye faida iliyowekwa wazi, nanyi mnalipa baadaye. Hizo ni milioni 11 za Mei na Juni, na tarehe za kulipa mnaweza kuziombea Oktoba hadi Disemba vilevile. Lakini murabaha ni biashara ya bidhaa, mishahara haimo. Katika zile milioni 17 za kabla ya gharama ya mkopo, zinabaki kama milioni 6 za kuzitafutia njia nyingine.

Njia iliyo karibu ni malipo ya awali kutoka kwa wageni wanaoweka nafasi wenyewe. Ila ipimwe kwa uangalifu, kwa sababu hapa watu hujihesabia mara mbili. Mkiwatoza asilimia 30 wageni wa Julai na Agosti, ambao kwa njia hiyo hulipa milioni 19, mnaona milioni 5.7. Lakini kufikia mwisho wa Julai, malipo ya wageni wa Julai yangekuwa yameingia kwa vyovyote. Kinachopunguza shimo siku hiyo ni ya Agosti peke yake, milioni 3, na kitu kidogo cha Septemba. Tena fedha hiyo si yenu mpaka mgeni alale. Akighairi kwa haki, inarudi.

Njia ya pili ni kuzungumza na wakala mmoja, yule mkubwa, akubali kulipa siku 30 kwa wageni wa Julai na Agosti tu, hata kwa kumpunguzia bei kidogo. Fungu lake katika zile milioni 9 za Julai likija Agosti badala ya Septemba, mnatoka shimoni mapema. Halipunguzi kina cha mwisho wa Julai, linapunguza muda wa deni na riba yake.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha kabla ya kulitumia jedwali hili kwa mwaka ujao. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo chakula cha wafanyakazi na mishahara ya kuwahisha kwa ajili ya Idi msivinakili mahali vilipokuwa mwaka jana. Mwaka 2027 Idi ndogo itaangukia Machi, kwa kutegemea mwandamo. Na wakala anayelipa kwa dola aandikwe kwa kiwango cha chini kidogo kuliko cha leo.

Nimeangalia pia kama hili ni tatizo la msimu kweli. Salio lilianza milioni 1.5 na linaishia 9.5. Mwaka unaacha milioni 8, ukitoa gharama ya mkopo ni kama 7. Kwa hiyo shimo linajifukia. Lingebaki chini ya sifuri Februari, ningewaambia msikope, kwa sababu mkopo wa msimu unavusha biashara inayopata, hauponyi biashara inayopoteza. Na kama fedha hiyo itaachwa kwenye akaunti mpaka Machi badala ya kwenda kwenye kiwanja, mwaka unaofuata mtaanza na milioni 8.5, na lile shimo la mwisho wa Julai linakuwa milioni 5 badala ya 12.

Kabla ya kwenda benki, linganisheni jedwali na taarifa ya akaunti ya miezi 12, mwezi kwa mwezi. Salio la jedwali likitofautiana na la benki kwa zaidi ya laki chache, kuna kitu hakijaandikwa, na kwa kawaida ni matumizi ya nyumbani au fedha taslimu isiyopitishwa benki. Mkishindwa kuipata, au kama mmesajiliwa kwa VAT na hamna hakika na miezi ya kuilipa, kaeni na mhasibu ana kwa ana na risiti zenu, itamchukua siku moja au mbili. Na kama benki inataka hati ya nyumba au ya matumizi ya ardhi iwe dhamana, hasa ikiwa eneo lina jina la mzee au ndugu wanaolimiliki pamoja, msitie saini barua ya mkopo mpaka wakili awe ameisoma, pamoja na kifungu kinachosema benki inaweza kudai deni lote kwa wakati mmoja.